Duka linajaa watu ila droo tupu: jinsi ya kusoma karatasi ya faida na hasara mpaka uione hela ilipoenda

Hii nimeiandika kwa ajili ya mtu ambaye duka lake halikauki wateja, asubuhi mpaka jioni ni mbio, halafu msambazaji akija na mzigo ndo unaanza kupiga simu kuazima. Nitatumia duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, upande wa Nkuhungu, la dada mmoja ninayemsaidia mahesabu. Jina nimeliacha, na amekubali niseme namba zake. Mwezi wenyewe ni Septemba, kiangazi, watu wanajenga Iyumbu, Nala, Mkonze kote huko, saruji inatoka kama maandazi. Mwisho wa mwezi nikamwandalia taarifa ya faida na hasara nikamwambia umepata faida milioni moja na laki mbili. Akaniangalia, akafungua droo, mle na kwenye simu jumla kulikuwa na laki mbili. Akasema "kaka, hii karatasi inanitukana."

Haikuwa inamtukana. Tatizo ni kwamba karatasi ile inajibu swali moja na yeye alikuwa anauliza lingine.

Karatasi yenyewe ndo hii:

Mauzo: 12,000,000
Mzigo uliokuwepo tarehe 1: 7,000,000
Jumlisha manunuzi ya mwezi: 11,300,000
Toa mzigo uliobaki tarehe 30: 8,100,000
Gharama ya mzigo uliouzwa: 10,200,000
Faida ghafi: 1,800,000
Matumizi ya duka: 600,000
Faida: 1,200,000

Hiyo laki sita ya matumizi ni kodi ya fremu 150,000, kijana wa dukani 200,000, umeme 30,000, usafiri 70,000, riba ya mkopo 90,000, na vitu vidogo vidogo vya mlinzi, taka, vocha na chai 60,000. Kodi ya TRA sijaiweka humu, hiyo inalipwa kwa awamu nne kwa mwaka na ina siku yake ya kukuumiza.

Kabla ya kumtafuta mchawi, hakikisha karatasi haidanganyi

Kosa ninalolikuta sana ni mtu kuchukua mauzo, anatoa manunuzi yote ya mwezi, anatoa matumizi, basi. Kwa huyu dada ingekuwa milioni 12 toa 11,300,000 toa 600,000, inabaki laki moja. Angeamini kabisa kwamba duka halilipi, labda angefunga, wakati duka linalipa ila sehemu ya manunuzi bado imekaa stoo haijauzwa. Gharama ya mwezi ni ya mzigo ULIOTOKA. Ule ulioingia ukakaa ni hela yako imebadilika sura imekuwa nondo na rangi. Ndo maana lazima uhesabu stoo mwanzo na mwisho wa mwezi, hakuna njia ya mkato, na ukikosea kuhesabu kosa lote linahamia kwenye faida. Ukizidisha stoo ya mwisho kwa milioni moja faida nayo inapanda milioni moja, ya hewa.

Na stoo inahesabiwa kwa bei uliyonunulia. Nimeona mtu anahesabu kwa bei ya kuuzia kwa sababu ndo bei anayoijua kichwani, matokeo yake anajipa faida ya vitu ambavyo hajauza. Kitu kilichoharibika kihesabu sifuri, ile mifuko ya saruji iliyoganda kule nyuma ukutani usiipe bei ya mfuko mzima eti utampata mtu wa kusawazishia njia.

La mwisho hapa ni kwamba mauzo ya mkopo lazima yaingie siku mteja anapochukua mzigo, hata kama hajalipa. Wengi wanaandika siku hela inapoingia, sasa mzigo umeshatoka stoo na mauzo hayapo, mwezi huo karatasi inaonyesha hasara, mwezi unaofuata faida kubwa ya ajabu, unabaki huelewi.

Dalili ya kwanza: wateja wengi, faida ghafi kiduchu

Chukua faida ghafi gawa kwa mauzo. Kwake ni 1,800,000 kwa 12,000,000, yaani asilimia 15. Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka uilinganishe na ile ambayo ULITAKIWA kuipata. Tulichofanya, tulichukua ankara za manunuzi, tukachagua bidhaa kumi zinazotoka sana, kila moja tukaandika bei ya kununua na bei ya kuuza na zimetoka ngapi, tukapata kwamba kama kila kitu kingeuzwa kwa bei iliyobandikwa angepata kama asilimia 16. Tofauti ni asilimia moja ya milioni 12, yaani 120,000. Ilipoenda tuliiona sehemu kubwa: mifuko minne iliyoganda kwa 15,500 ni 62,000, na iliyobaki ni kupunguza bei kwa mafundi "wa siku zote" na vipande vya nondo vilivyokatwa mteja akaacha mkia. Ingekuwa tofauti ya asilimia tano sita ningeanza kumwangalia kijana au daftari la mikopo, maana hapo kuna mzigo unatoka bila kuandikwa.

Lakini cha kujifunza zaidi kilikuwa saruji yenyewe. Ananunua 15,500, anauza 16,500, kichwani mwake faida ni buku. Ila kila mfuko una kama 300 ya gari na vijana wa kushusha, hiyo alikuwa anaiweka kwenye matumizi mengine hata haoni inahusiana na saruji. Inabaki 700 kwa mfuko, asilimia nne na kidogo. Misumari, bawaba, vitasa, viungio vya mabomba vinampa asilimia 25 mpaka 30 lakini havileti foleni. Kwa hiyo ule umati unaouona mlangoni saa mbili asubuhi ni umati wa saruji, na saruji kazi yake ni kumleta mtu mlangoni tu, mtu akiondoka na mifuko kumi bila hata kilo ya misumari umepata 7,000 na jasho. Wingi wa watu haukuambii faida, mchanganyiko wa walichobeba ndo unakuambia.

Kama asilimia yako iko sawa na uliyotarajia, au karibu kama ya kwake, basi ugonjwa hauko juu ya karatasi. Na hapo ndo penye utamu.

Dalili ya pili: karatasi inasema faida ipo, droo inasema haipo

Mwanzo wa Septemba alikuwa na 950,000 ukijumlisha droo, simu na benki. Mwisho 200,000. Yaani hela imepungua 750,000 kwenye mwezi ambao kapata faida 1,200,000. Kwa hiyo tunatafuta 1,950,000, siyo laki saba na nusu, hapo watu wengi wanakosea, wanatafuta kiasi kidogo kuliko kilichopotea.

Na pa kuangalia si pengi. Faida inakuwa haijawa hela kwa sababu imegeuka mzigo, imekaa kwa wadeni, imelipia kitu ambacho karatasi haikihesabu kama gharama ya mwezi, au imebebwa na mwenye duka. Tulikwenda moja moja.

Mzigo kwanza. Stoo ilianza milioni 7 ikaisha 8,100,000, basi 1,100,000 imelala pale. Ipi? Tulizunguka na daftari, vitu vingi viko vilevile, kona ya rangi ndo imenenepa. Kulikuwa na ofa, ukichukua ndoo nyingi unapunguziwa, akachukua ndoo 14 za lita 20 kwa 65,000, hiyo ni 910,000. Alizouza mwezi mzima ni mbili. Punguzo alilopata kwa kila ndoo lilikuwa zuri kweli, sikatai, ila kwa kasi hiyo zile kumi na mbili anakaa nazo miezi sita, na hela ile ingezunguka kwenye saruji mara kibao. Kipimo changu cha mzigo uliolala ni vumbi, na Dodoma hii ya Septemba kwa upepo wake huhitaji hata siku nyingi, ukipitisha kidole ukaandika jina lako hicho kitu kinakula hela yako.

Wadeni. Mwezi huo alikopesha mzigo wa 2,500,000, akakusanya madeni ya 1,800,000 ya zamani na mapya. Tofauti 700,000 iko kwa mafundi. Daftari lilitoka 2,200,000 likaenda 2,900,000. Hapa piga hesabu moja ndogo: deni lililopo gawa kwa unachokopesha kwa mwezi zidisha kwa 30, yaani 2,900,000 kwa 2,500,000 mara 30, inakuja kama siku 35. Yaani akikopesha leo anakuja kulipwa baada ya mwezi na siku tano, kwa wastani, na wastani huo umeficha wale wa wiki moja na yule wa tangu Juni. Tulipanga majina kwa umri wa deni, chini ya siku 30, 30 mpaka 60, zaidi ya 60, na kundi la mwisho lilikuwa na watu watatu tu wenye 1,050,000, zaidi ya theluthi ya daftari lote. Mmoja anajenga kwa mkandarasi mdogo wa tenda ya serikali, naye anasubiri alipwe ndo alipe, huyo anasema kweli ila ukweli wake haununui saruji. Wawili wengine ni mafundi ambao mwenye nyumba alishawapa hela ya vifaa, wakaifanyia mambo mengine. Siku hizi dada anaandika jina la mwenye nyumba na simu yake na kiwanja kilipo, siyo "fundi fulani Kizota", na mzigo mkubwa anampigia mwenye nyumba kabla haujapakiwa kwenye guta.

Kodi ya fremu. Mwenye nyumba alitaka miezi mitatu kwa mpigo, 450,000. Karatasi imebeba ya Septemba tu 150,000, maana Oktoba na Novemba bado hajazitumia. Kwenye droo lakini zimetoka zote. Hapo 300,000.

Mkopo. Marejesho yake ni 315,000 kwa mwezi. Riba ni 90,000 na hiyo iko kwenye matumizi, ile 225,000 nyingine ni kurudisha hela ya watu na karatasi ya faida haiigusi kabisa. Wengi hawaliamini hili. Siku ulipokopa hukuandika mauzo, sasa siku unaporudisha huandiki gharama. Ila duka linalotengeneza faida ya laki mbili huku linarejesha mtaji wa laki mbili na ishirini na tano kila mwezi linakufa polepole na karatasi inacheka tu. Omba ratiba ya marejesho pale ulipokopa, itenganishe riba na mtaji, ukiona hawataki kukupa au marejesho yenyewe ni ya kila siku na hakuna anayejua riba ni ngapi, basi uko kwenye kausha damu na hesabu yako yote ya faida ni ya kubahatisha.

Mpaka hapo tuna 1,100,000 na 700,000 na 300,000 na 225,000, jumla 2,325,000. Imezidi hata ile tuliyokuwa tunaitafuta! Dada akashtuka, mimi nikajua kuna hela imeingia kwa mlango wa nyuma.

Mali kauli, kinachoficha ugonjwa

Katika yale manunuzi ya 11,300,000 siyo yote alilipia. Kuna mzigo alichukua mali kauli, lipa baada ya siku 14. Deni lake kwa wasambazaji liliongezeka 750,000 ndani ya mwezi. Hiyo ni hela ambayo ilitakiwa itoke ikabaki dukani, kwa hiyo unaitoa: 2,325,000 toa 750,000, inabaki 1,575,000.

Mali kauli siyo mbaya, biashara nyingi za Majengo pale zimejengwa nayo. Ila angalia siku. Mzigo wake unakaa stoo wastani wa siku 24, hiyo unaipata kwa kuchukua stoo ya mwisho 8,100,000 gawa kwa 10,200,000 iliyouzwa zidisha 30. Ukikopesha tena unasubiri siku 35. Kitu kilicholetwa leo kikapita njia hiyo yote kinarudi hela baada ya siku 59 na msambazaji anakuja siku ya 14. Saruji inazunguka haraka kuliko huo wastani najua, lakini rangi na nondo nene zinakaa zaidi, kwa hiyo siku ya 14 anamlipa msambazaji wa rangi kwa hela ya saruji, halafu saruji ikiisha hana hela ya saruji. Ule usiku alioniambia "kaka nashangaa duka zima limejaa vitu na mfuko mmoja wa saruji sina", ndo huu. Bila ile mali kauli asingemaliza mwezi na laki mbili, angekuwa na shimo la laki tano na nusu, angeligundua tatizo mapema.

Na hela ya nyumbani

Tumepata 1,575,000, tunatafuta 1,950,000. Imebaki 375,000. Nikamuuliza umechukua shilingi ngapi ya kwako, akasema kama laki, labda na kidogo. Hiyo inabakisha 275,000 hewani. Sikubishana naye, ni dada yangu kwa heshima, nikamwomba tu atoe taarifa ya miamala ya simu ile ya lipa namba maana ndo hiyo hiyo anatumia kwa mambo yake. Ikawa mchango wa harusi, hela ya shule ya mtoto, gesi, unga, na kumtumia mama kijijini, mara elfu kumi mara thelathini. Jumla ikaja 275,000 kamili, na mimi mwenyewe nilishangaa ilivyokaa sawa, mara nyingi inabaki elfu ishirini thelathini ambayo hutaijua na usihangaike nayo.

Hela aliyochukua mwenye duka haiwi gharama kwenye karatasi kwa sababu ni yeye anagawiwa faida yake, hamna kosa. Kosa ni kuichukua bila kuandika halafu kumkagua kijana. Na kwa kweli yule kijana alishaanza kuangaliwa vibaya kabla hatujafika kwenye huo ukurasa wa simu. Wala yeye hakuwa amechukua.

Kwa hiyo ukitaka kuifanya yako, andika hivi kwenye daftari, kila mstari na alama yake:

```
faida
- mzigo ulioongezeka stoo
- madeni ya wateja yaliyoongezeka
+ deni la wasambazaji lililoongezeka
- kodi ya fremu uliyolipa mbele
- mtaji wa mkopo uliorejesha
- ulichochukua mwenyewe
= mabadiliko ya hela
```

Weka namba zake: 1,200,000 toa 1,100,000 toa 700,000 jumlisha 750,000 toa 300,000 toa 225,000 toa 375,000, jibu ni hasi 750,000. Ndo droo ilivyosema. Kitu kikipungua badala ya kuongezeka alama inageuka. Jibu lako likigoma kabisa kuoana na droo, rudi kwenye stoo kwanza, halafu simu, halafu ndo umfikirie mtu.

Oktoba hakuagiza rangi, alizipunguza bei kidogo zikatoka sita, akawafuata wale watatu wa zaidi ya siku 60 akapata kwa wawili nusu nusu, na akajiwekea laki tatu ya nyumbani kwa mwezi kwenye laini nyingine. Mauzo yalishuka mpaka 10,800,000 kwa sababu aliwakatalia mafundi kadhaa, na faida ikashuka ikawa milioni moja. Lakini stoo ilipungua 800,000, madeni yakapungua 350,000, fremu hakulipa kitu mwezi huo ingawa karatasi ilibeba 150,000 yake, alilipa wasambazaji wa nyuma 500,000, akarejesha mtaji wa mkopo 225,000, akachukua laki tatu zake. Mwezi ukaisha na 1,475,000, yaani hela imepanda 1,275,000 kwenye mwezi wenye faida ndogo kuliko Septemba. Akanipigia akiwa amefurahi, nikamwambia ile laki nane ya stoo ni ya mara moja tu dada, rangi huwezi kuziuza mara mbili, na Desemba mvua zikianza mafundi watapungua, saruji nyingi ukiiweka itaganda, kwa hiyo Novemba tunahesabu stoo tena tarehe 30 jioni, mimi nakuja na kalamu.